Kupunguza Mafuta Bila Kupoteza Misuli: Protini Kiasi Gani kwa Siku?

Mizani ya nyumbani hupima vitu vyote kwa pamoja: mafuta, misuli, mifupa, maji na hata chakula kilichoko tumboni. Mkazi wa Komarock anayepanda juu yake na kukuta kilo tatu zimepungua hawezi kujua, kwa kuiangalia tu, ni nini hasa kilichoondoka mwilini. Swali hilo lina uzito kwa sababu mtu anapoamua kupunguza mwili huwa anataka kuondoa mafuta, lakini mwili wenyewe hauna sababu ya kufuata matakwa yake. Ukinyimwa chakula bila mpango, huchukua mafuta na huchukua misuli pia.

Mfano wa kawaida mtaani ni huu. Mama wa miaka 42 anaishi ghorofa ya nne, ana uzito wa kilo 92 na urefu wa sentimita 160. Ameambiwa kliniki kwamba shinikizo la damu limeanza kupanda na kwamba apunguze uzito. Anaacha ugali, anaacha chapati, anaacha nyama. Asubuhi anakunywa chai ya rangi, mchana anakula tikiti maji na tofaa, jioni anakula kabichi ya kuchemsha na nusu parachichi. Katika wiki ya kwanza anapoteza karibu kilo tatu. Majirani wanamsifu. Kufikia wiki ya sita amepoteza kilo tisa, lakini mtungi wa maji wa lita 20 aliokuwa akiupandisha kwa mkono mmoja sasa anaupumzisha kila ghorofa, na akichuchumaa kufua anatafuta pa kujishikilia ili ainuke.

Chakula alichokuwa akila kwa siku nzima hakifikishi gramu 15 za protini. Sababu ya uchovu wake iko hapo.

Kwa nini mwili hula misuli yake

Mafuta yana ghala mwilini: chini ya ngozi, tumboni, mapajani. Protini haina ghala la namna hiyo. Protini yote ya mwili iko kazini tayari, ikiwa ni misuli, ngozi, viungo vya ndani, damu na chembe za kinga, na kila siku sehemu yake huvunjwa na kujengwa upya. Vifaa vya ujenzi huo, yaani asidi amino, sharti vitoke kwenye chakula. Visipotoka huko, mwili huvitoa mahali vilipo vingi zaidi, nako ni kwenye misuli.

Kuna sababu ya pili. Ubongo hutegemea sana glukosi, ile sukari iliyomo kwenye damu. Mtu anapopunguza chakula ghafla, ini hulazimika kutengeneza glukosi lenyewe, na mafuta hayafai sana kwa kazi hiyo. Asidi amino zinafaa. Kwa hiyo mtu mwenye kilo 30 za mafuta ya ziada anaweza bado kuvunja misuli ili kulisha ubongo, hali akiba ya mafuta ipo na haijaguswa inavyostahili.

Jambo linalowadanganya watu wengi ni kwamba mizani hufurahia kosa hili. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba takriban kalori 7,700. Kilo moja ya misuli haifiki hata robo ya nishati hiyo, kwa kuwa karibu robo tatu yake ni maji. Mtu anayekula pungufu ya mahitaji yake kwa kalori 700 kwa siku atakuwa na upungufu wa kalori 4,900 kwa wiki, na upungufu huo ukilipwa wote na mafuta, atapoteza zaidi kidogo ya nusu kilo. Ukilipwa kwa sehemu na misuli, mizani itashuka haraka zaidi. Ndiyo maana chakula cha kabichi na matunda huonekana kufanya kazi kuliko mpango mzuri. Wiki ya kwanza huongeza udanganyifu huo, kwa sababu akiba ya wanga iliyoko kwenye ini na misuli huisha, nayo huwa imeshikana na maji mengi. Hizo kilo mbili au tatu za mwanzo ni maji zaidi kuliko kitu kingine, na hurudi siku mtu anapokula ugali.

Misuli iliyopotea ina gharama ya baadaye. Ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari ya chakula, jambo lenye maana kwa mtu anayekaribia kisukari, na ndiyo inayomwinua mtu kitini akifika miaka 70. Mlo mkali ukishindikana, kama ilivyo kawaida, uzito unaorudi huwa mafuta kwa wingi, na misuli hairudi kwa kasi hiyo. Mtu huishia na kilo zile zile 92 akiwa dhaifu kuliko alivyoanza.

Protini ya kutosha hupunguza hasara hii. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada walichapisha matokeo ya vijana wanaume 40 wenye uzito uliozidi, waliokula pungufu ya mahitaji yao kwa asilimia 40 kwa wiki nne huku wakifanya mazoezi makali. Nusu walipewa protini gramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, nusu gramu 2.4. Kundi la kwanza lilipoteza mafuta kilo 3.5 na halikupoteza misuli. Kundi la pili lilipoteza mafuta kilo 4.8 na likaongeza zaidi ya kilo moja ya mwili usio na mafuta. Walikuwa vijana, wakisimamiwa karibu kila siku, na hakuna haja ya mama wa Komarock kufuata kiwango cha kundi la pili. Linalofaa kuangaliwa ni kundi la kwanza: hata kwa njaa kali kiasi hicho, gramu 1.2 pamoja na mazoezi zilitosha kulinda misuli.

Protini pia hushibisha kuliko wanga au mafuta, na mwili hutumia nishati nyingi zaidi kuisaga. Hilo husaidia, ingawa si sababu kubwa.

Kupata idadi ya gramu

Kiwango kinachotajwa mara nyingi, gramu 0.8 kwa kilo, kiliwekwa kwa mtu mzima mwenye afya anayekula chakula cha kumtosha. Hakikuwekwa kwa mtu anayepunguza mwili. Anayepunguza huhitaji kati ya gramu 1.2 na 1.6 kwa kila kilo. Swali linalowakwaza watu ni: kilo zipi?

Kuna ushauri unaozunguka kwenye vyumba vya mazoezi kwamba mtu ale gramu moja ya protini kwa kila ratili ya uzito wake. Yule mama wa kilo 92 ana ratili zipatazo 203, kwa hiyo angeambiwa ale gramu 203 kwa siku. Hizo ni sawa na mayai 34 hivi. Ushauri huo unatoka kwa wanamichezo ambao sehemu kubwa ya uzito wao ni misuli. Mafuta ya ziada hayahitaji kulishwa protini nyingi, na hesabu inayoyahesabu kama misuli hutoa jibu ambalo hakuna mfuko wala tumbo la kulimudu.

Njia inayotumika ni kutafuta uzito wa hesabu. Kwanza, zidisha urefu kwa urefu, kwa mita, kisha zidisha kwa 25. Kwa mama huyu ni 1.60 mara 1.60 mara 25, jibu ni 64. Hicho ndicho kikomo cha juu cha uzito unaokubalika kwa kimo chake. Pili, toa 64 kwenye uzito wake wa sasa: 92 toa 64 ni 28. Tatu, chukua robo ya hizo kilo 28, yaani 7, kwa kuwa mtu mzito huwa pia na misuli ya ziada ya kuubeba mwili wake. Ongeza kwenye 64 upate 71. Hizo 71 ndizo kilo za kuhesabia.

Sasa 71 mara 1.2 ni gramu 85, na 71 mara 1.6 ni gramu 114. Lengo lake liwe ndani ya nafasi hiyo. Kwa mtu anayeanza, anayepika chakula kimoja na familia nzima, gramu 90 ni mahali pazuri pa kuanzia. Aliyezidi miaka 60 asikae chini kabisa ya nafasi yake, maana mwili wa mzee hauitikii protini kwa wepesi wa mwili wa kijana. Anayenyanyua vyuma kwa bidii naye anaweza kusogea juu.

Idadi hii haihitaji kubadilishwa kila wiki. Mama huyu akifika kilo 80, uzito wake wa hesabu utakuwa 68, na gramu 90 bado zitakuwa ndani ya nafasi yake. Kinachopungua kadiri mwili unavyopungua ni mafuta ya kupikia, sukari na ukubwa wa ugali. Protini hubaki pale pale. Na ikiwa hesabu ya kwanza inatoa jibu kubwa kuliko uzito wa sasa, mtu huyo hana uzito uliozidi na hana sababu ya kiafya ya kufunga mkanda.

Gramu 90 kwenye sahani ya Komarock

Gramu 90 za protini si gramu 90 za nyama. Mkanganyiko huu hutokea hata kwa waliosoma. Nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa, ikiwa mbichi, ina takriban gramu 20 za protini katika kila gramu 100. Iliyobaki ni maji na mafuta. Robo kilo ya namna hiyo ina karibu gramu 50, na ikiwa na mfupa ni pungufu kwa kadiri mfupa ulivyo mzito. Yai moja lina gramu 6. Nusu lita ya maziwa au mala ina 16. Kikombe cha maharagwe yaliyoiva kina takriban 15, na cha ndengu 14. Omena kavu ni tajiri kuliko vyote hivi kwa uzito, kwa sababu maji yamekwisha kuondoka: zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, kwa hiyo gramu 40, ambazo ni viganja viwili hivi, zina gramu 20 au zaidi.

Asiye na mizani ya jikoni anaweza kumwomba mwenye duka ampimie gramu 100 za omena mara moja, aende nazo nyumbani na kuona zinajaza viganja vingapi. Kipimo hicho kikishajulikana hakuna haja ya kupima tena.

Njugu karanga hutajwa sana kama protini, na ni kweli zinayo. Lakini ili kupata gramu 15 kutoka kwa njugu mtu hula karibu gramu 60, na hizo huja na kalori zaidi ya 330. Gramu 15 hizo hizo kutoka kwa maharagwe huja na kalori 220 hivi, na kutoka kwa mayai chini ya 200. Kwa anayepunguza mafuta, njugu ni kiungo cha mchuzi, si chanzo cha kutegemea. Supu ya mifupa nayo ina sifa kuliko inavyostahili. Bila nyama ndani yake, protini yake ni kidogo na ni ya aina isiyojenga misuli vizuri.

Siku ya mama huyu inaweza kupangwa hivi. Asubuhi mayai matatu ya kuchemsha, kipande kidogo cha nduma na chai yenye maziwa yapata nusu kikombe: gramu 24 au 25. Mchana kikombe kimoja na nusu cha ndengu, nusu chapati na sukuma wiki: gramu 26. Alasiri glasi ya mala: gramu 10. Jioni gramu 40 za omena, sukuma wiki, na ugali mdogo wa unga gramu 100, ambao wenyewe una gramu 8: jumla 30. Siku nzima ni gramu 90 au 91, na haina nyama hata kipande. Siku ambayo omena hazimpendezi, vipande vya nyama isiyo na mfupa vyenye uzito wa gramu 100 kabla ya kupikwa vitachukua nafasi yake.

Mpango huu unapunguza nishati mahali pengine: mandazi ya asubuhi yametoka, chapati imekuwa nusu, ugali umepungua, sukari kwenye chai imetoka au imebaki kidogo. Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko. Omena za kukaangwa zikielea kwenye mafuta zinaweza kumaliza faida yote ya sahani hiyo, kwa kuwa kila kijiko kikubwa cha mafuta kina kalori 120.

Ugumu wa kweli uko kwenye kifungua kinywa. Nyumba nyingi za Nairobi huanza siku kwa chai na mkate, kisha mchana chakula cha haraka, na protini yote husubiri usiku. Mwili hauwezi kuiweka akiba hadi kesho yake, kwa hiyo gramu 25 hivi katika kila mlo huilinda misuli vizuri kuliko 10 asubuhi, 15 mchana na 65 usiku. Mayai ya asubuhi ndiyo mabadiliko ya kwanza ya kufanya hata kabla ya hesabu nyingine zote.

Kwa asiyekula nyama wala samaki lengo linafikika pia, ila aongeze kidogo na achanganye. Mahindi yana upungufu wa lisini, asidi amino ambayo maharagwe yanayo kwa wingi, na maharagwe yanapungukiwa na methionini, ambayo mahindi yanayo. Githeri imelitatua tatizo hilo tangu zamani, mradi maharagwe yawe nusu ya sufuria au zaidi. Githeri ya vibandani mara nyingi ni mahindi yenye maharagwe ya kuhesabika.

Dalili za mpango kwenda vibaya

Protini peke yake haihifadhi misuli isiyofanya kazi. Mara mbili au tatu kwa wiki misuli mikubwa ifanyishwe kazi nzito kiasi: kuinuka na kukaa kitini bila kushika kitu, kupanda ngazi na mzigo, kunyanyua mtungi uliojazwa nusu. Kutembea hadi Kayole na kurudi ni kuzuri kwa moyo lakini hakutoshi kwa kazi hii.

Vipimo viwili huonyesha kinachopotea. Cha kwanza ni kiuno, kipimwe kwa futi ya fundi cherehani usawa wa kitovu, asubuhi, kila baada ya wiki mbili. Cha pili ni kiti: mtu akae kwenye kiti imara, akunje mikono kifuani, ahesabu anainuka mara ngapi kwa sekunde 30. Kiuno kikipungua na idadi ya kuinuka ikibaki au ikiongezeka, kinachoondoka ni mafuta, hata kama mizani inashuka polepole. Uzito ukishuka kwa zaidi ya asilimia moja kwa wiki baada ya wiki mbili za mwanzo, na kuinuka kukipungua, misuli inaliwa. Dawa yake ni kuongeza chakula kidogo na kuhakikisha gramu zinafikiwa kweli, maana wengi hupima siku tatu za kwanza na kukisia zilizobaki.

Kwa mama wa kilo 92, asilimia moja ni karibu kilo moja kwa wiki. Alipopoteza tisa kwa wiki sita alikuwa juu ya kiwango hicho, na mtungi wa maji ulikuwa umekwisha kumwambia.

Wapo wasiopaswa kupandisha protini kabla ya kupimwa. Mwenye ugonjwa wa figo anaweza kuumizwa na kiwango ambacho kwa mwingine ni salama, na ugonjwa huo mara nyingi hauna dalili hadi umekwenda mbali. Kisukari na shinikizo la damu ndivyo visababishi vyake vikuu, kwa hiyo yeyote mwenye mojawapo aombe kipimo cha kreatinini cha damu na cha protini kwenye mkojo kwanza. Mjamzito na anayenyonyesha wasipunguze chakula kwa mpango huu, na watoto wasihesabiwe kwa kanuni ya watu wazima.

Wakazi wa Komarock walio na hali hizo wanaweza kuanzia Hospitali ya Mama Lucy Kibaki au hospitali ya kaunti iliyoko Kayole, waombe kuonana na mtaalamu wa lishe. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaopita nyumbani wana mizani na kifaa cha kupima shinikizo la damu kwenye mikoba yao. Anayekwenda kliniki abebe urefu wake, uzito wake, kipimo cha kiuno na orodha ya alichokula kwa siku tatu, moja ikiwa Jumapili, kwa kuwa Jumapili ndiyo siku ambayo sahani hubadilika.